Uhalisia na uliberali: zipime kwa ile kesi ya bahari ya Kenya na Somalia

"Shikamoo mwalimu. Mi niko mwaka wa pili hapa Mombasa, nasoma uhusiano wa kimataifa. Tumeambiwa tufupishe uhalisia na uliberali kwa Kiswahili, kurasa tano hivi. Kila nikiandika natoa yale yale, hawa wanaamini nguvu, hawa wanaamini amani, alafu sina la kuongeza. Nizitofautishe vipi sawasawa, na mfano gani wa huku kwetu waweza kunifaa?"

Marahaba mwanangu. Hiyo "hawa nguvu, hawa amani" ndo iliyokukwamisha. Ukishagawanya hivyo kazi iliyobaki ni kuchagua nani mwema nani mbaya, na hizi nadharia hazikuandikwa kwa kazi hiyo. Wewe anzia pale zinapokubaliana, vitabu vingi vya kufundishia vyapita hapo mbio mbio na wanafunzi wanapotea hapo hapo. Zote mbili zasema juu ya dola hakuna serikali nyengine. Hakuna polisi wa dunia wa kumkamata rais aliyevamia jirani, na Umoja wa Mataifa sio serikali, ni mkutano wa hizo hizo dola. Hali hiyo wataalamu wanaiita anaki, na usiiandike kama fujo, manake yaweza kuwa shwari miaka hamsini na bado ikawa anaki, maana yake ni kwamba hakuna mkubwa, basi. Zote mbili pia zasema dola yajifikiria yenyewe kwanza. Ndio, hata waliberali, angalau wale wa sasa. Robert Keohane alipoandika mwaka 1984 alikubali kwa makusudi kwamba dola ni zenye ubinafsi, alafu akauliza, je, hata zikiwa hivyo zitashirikiana? Akajibu ndio, na akaonyesha ni vipi.

Kwa hivyo ugomvi wenyewe ni huu: kwa kuwa hakuna mkubwa, dola zaweza kuaminiana kiasi gani, na kitu gani chaweza kubadilisha hilo? Liandike swali hilo ukurasa wa kwanza, mengine yote yaning'inie hapo.

Mhalisia anajibu hivi. Kwa vile hakuna wa kukuokoa, lazima ujiokoe mwenyewe. Nia ya jirani huijui, na hata ukiijua leo, kesho aweza kuja rais mwengine na nia nyengine, kwa hivyo unaangalia uwezo wake, ana jeshi gani, uchumi gani, yuko upande gani wa mpaka. Akinunua silaha kwa ajili ya kujilinda wewe unaona anakujia, nawe unanunua, naye akikuona anaogopa zaidi, na hapo hakuna hata mmoja aliyetaka vita. Huo ndio mtanziko wa usalama, na utaona hauhitaji mtu mbaya hata mmoja kwenye hadithi. Hans Morgenthau mwaka 1948 alikua bado anaanzia kwenye tabia ya binadamu kupenda madaraka. Kenneth Waltz mwaka 1979 akasema hapana, hata tukiwa malaika, mfumo wenyewe watusukuma huko. Hii tofauti ya Morgenthau na Waltz iweke japo kwa sentensi mbili, wasahihishaji wanaipenda sana hiyo. John Mearsheimer mwaka 2001 akaenda mbali zaidi, kwamba dola kubwa haitosheki na usalama wa kiasi, yataka iwe bwana wa eneo lake. Alafu kuna hili la faida: mhalisia haridhiki akiambiwa tutapata sote, yeye auliza nani kapata zaidi, manake ile ziada ya mwenzako yaweza kurudi kwako ikiwa silaha.

Mliberali naye ana miguu miwili, usiandike mmoja ukaacha mwengine. Mguu wa kwanza ni taasisi na kutegemeana, hapa ndo kuna Keohane na Joseph Nye, 1977. Mfanyabiashara wa Kongowea hamdhulumu mteja wa kila wiki hata kama hakuna askari karibu, kwa sababu Jumatatu ijayo watakutana tena na soko zima litajua. Mikataba, mahakama na jumuiya zafanya hivyo kwa dola: zatoa habari, zaonyesha nani kavunja ahadi, zafanya kesho iwe na uzito kuliko leo. Hazilazimishi mtu, hilo lishike sana. Mguu wa pili ni wa ndani ya nchi. Waltz aliifunga dola kama sanduku, usitazame ndani. Mliberali, Andrew Moravcsik kwa mfano mwaka 1997, analifungua sanduku anakuta wakulima, matajiri, wapiga kura, wanasiasa wanaotaka kura, na asema dola yataka kile ambacho watu fulani ndani yake wanataka. Immanuel Kant aliwahi kugusa yote haya 1795 alipoandika juu ya amani ya kudumu, jamhuri, biashara, na shirikisho la mataifa, kwa hivyo ukitaka babu wa uliberali huyo hapo.

Sasa mfano. Wanafunzi wengi wanakimbilia Vita Baridi, mi nakwambia shuka pwani hapa hapa, chukua kesi ya mpaka wa baharini kati ya Kenya na Somalia. Ni kesi iliyokwisha, hukumu ipo wazi, na ina kila kitu.

Toa ramani uweke rula pale mpaka wa nchi kavu unapoishia baharini, kaskazini ya Kiunga. Kenya ilisema kutoka hapo mstari waenda moja kwa moja mashariki, sambamba na latitudo, na kwamba imetangaza hivyo tangu 1979 kwa tangazo la rais na Somalia haikupinga, kwa hivyo imekubali kwa kunyamaza. Somalia ikasema la, mstari ni ule ulio katikati, kila nukta yake umbali sawa na pwani zote mbili, na kwa kuwa pwani yetu imelala kwa mshazari kuelekea kusini magharibi, mstari huo wainamia kusini mashariki. Kati ya rula hizo mbili pana pembetatu ya bahari kama kilomita za mraba 100,000, samaki wamo na mafuta yanashukiwa. Kenya ilikua imeshagawa vitalu vya kutafuta mafuta humo.

Mwaka 2009 nchi mbili zikatia saini hati ya maelewano kuhusu maombi yao kwa tume ya Umoja wa Mataifa ya miamba ya bara, yaani sakafu ya bahari inayoendelea kutoka nchi kavu, lakini bunge la Somalia likaikataa. Agosti 2014 Somalia ikaenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki, Hague. Kenya ikapinga, ikasema ile hati ya 2009 yatutaka tuzungumze, sio tushitakiane. Februari 2017 mahakama ikasema ina mamlaka, kesi iendelee. Kenya ikaleta hoja zake kwa maandishi, ikaomba usikilizaji uahirishwe mara kadhaa, alafu Machi 2021 majaji walipokaa kusikiliza, Kenya haikushiriki. Septemba 2021 ikaondoa lile tamko lake la 1965 la kukubali mamlaka ya mahakama, lakini kuondoa huko hakukugusa kesi ambayo tayari ilikua mezani. Tarehe 12 Oktoba 2021 hukumu ikatoka. Mahakama ilisema hakukua na makubaliano ya kunyamaza, ikaanza na mstari wa katikati, alafu ikausogeza kidogo kaskazini kwa faida ya Kenya kwa sababu Kenya imebanwa, huku Somalia, huku Tanzania na Pemba yake. Mstari wa mwisho uko karibu zaidi na ule wa Somalia. Somalia nayo haikupata yote, dai lake kwamba Kenya ilivunja uhuru wake kwa zile shughuli za baharini lilikataliwa. Siku hiyo hiyo Rais Uhuru Kenyatta akasema Kenya yaikataa hukumu hiyo yote na haiitambui.

Vaa miwani ya mhalisia kwanza. Ataanza na uwezo: Kenya ina uchumi mkubwa na manowari zake zimetia nanga Mtongwe, Somalia ilikua inatoka kwenye miaka mingi ya vita vya wenyewe na jeshi la majini la maana haina. Mwenye nguvu anapendelea mazungumzo ya wawili, manake mezani uzito wake wahesabika, na kwa kweli Kenya ndo ilisisitiza mazungumzo mpaka mwisho. Mnyonge anapendelea mahakama, kwa kuwa mbele ya jaji wanakua sawa. Kwa hivyo kwa mhalisia Hague ilikua silaha ya mnyonge, hakuna mapenzi ya sheria hapo. Alafu ataonyesha kidole pale Kenya ilipojiondoa ilipoona upepo si wake. Hukumu imetoka, nani ataitekeleza? Katiba ya Umoja wa Mataifa, kifungu cha 94, yasema aliyeshinda aweza kwenda Baraza la Usalama, na mwezi huo huo wa Oktoba 2021 aliyekalia kiti cha urais wa Baraza la Usalama alikua ni nani? Kenya yenyewe. (Urais huo huzunguka kila mwezi na hauna nguvu kubwa, usiuongezee chumvi kwenye karatasi yako, lakini kama kielelezo wachekesha.)

Hoja nzuri, tena ya nguvu. Lakini mhalisia ana deni. Ikiwa nguvu ndo kila kitu, mbona Kenya iliyokua na nguvu ilijibu kesi miaka yote ile, ikalipa mawakili, ikapeleka hoja juu ya hoja kwa mahakama isiyo na askari hata mmoja? Mbona manowari hazikutoka Mtongwe kwenda kuuchora mstari wa latitudo kwa nguvu? Mhalisia mwerevu atajibu kwamba wanajeshi wa Kenya walikua ndani ya Somalia tangu Oktoba 2011 wakipigana na Al-Shabaab, na kuigeuza serikali ya Mogadishu kuwa adui kwa ajili ya samaki na mafuta ambayo hayajaonekana kungeigharimu Kenya usalama ule ule inaoutafuta. Ni jibu la haki, wala si kisingizio. Ila angalia limefanya nini: limeeleza kwa nini hakukua na vita, halijaeleza kwa nini kulikua na kesi.

Miwani ya mliberali. Yeye anaanzia kwenye hiyo kesi. Kenya ilikua mwanachama wa mkataba wa sheria ya bahari wa 1982, jina lake kwenye sheria lina thamani kwake, yatafuta mikopo, yakalia vikao, yataka kusuluhisha wengine. Kususia mapema kungeharibu jina. Kwa hivyo ilishiriki mpaka pale gharama ya kushindwa ilipoonekana kuzidi gharama ya kususia. Na utekelezaji? Mliberali anakwambia usingoje askari, tazama kampuni ya mafuta. Kuchimba baharini ni pesa nyingi na ni za miaka, na hakuna wakili wa kampuni atakayekua na raha kumshauri bosi wake aweke mtambo kwenye maji ambayo Hague imesema ni ya nchi nyengine, kwa sababu kesho ile nchi nyengine yaweza kumshitaki. Serikali yaweza kuikataa hukumu kwa maneno asubuhi mpaka jioni, lakini mwekezaji anaisoma. Hivyo ndivyo taasisi isiyo na bunduki yapunguza thamani ya kile ulichonyakua.

Alafu afungue sanduku. Ndani ya Kenya kuna wakulima wa miraa wa Meru, na soko lao kubwa lilikua Somalia. Machi 2020 Somalia ikazuia miraa isiingie, sababu iliyotajwa ni korona, lakini korona ikapungua na zuio likabaki. Wakulima wakapiga kelele, wanasiasa wao wakapiga kelele, na Nairobi ikawa yasukumwa irekebishe mambo na Mogadishu hata kama bahari yauma. Biashara ikarudi Julai 2022, baada ya Hassan Sheikh Mohamud kurudi kwenye urais wa Somalia. Ona hapo, tangu hukumu mpaka wa bahari haukusogea hata shubiri, mizani ya nguvu haikubadilika, kilichobadilika ni nani anatawala upande mmoja na nani anapiga kelele upande wa pili. Nadharia ya Waltz haina mahali pa kumweka mkulima wa Meru. Ya Moravcsik inayo. Na Machi 2024 Somalia ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikakaa meza moja na nchi iliyoishitaki, tena ile hukumu ikiwa bado imekataliwa. Mhalisia ana la kusema na hapo, kwamba kujiunga na jumuiya ni kutafuta soko na ngao, wala hakujafuta dai lolote. Mwachie aseme.

Deni la mliberali nalo liandike, usimfiche. Ikiwa jina na kesho vina uzito hivyo, mbona Kenya iliondoa tamko la 1965, kitu kilichowagusa wote watakaotaka kuishitaki baadaye, sio Somalia peke yake? Na ule ushirika wa miaka mingi wa nchi mbili hizi, wakimbizi, biashara, wanajeshi, haukuzuia Kenya kumwita balozi wake nyumbani Februari 2019 kwa ugomvi wa vitalu vya mafuta. Kutegemeana kulipunguza joto. Hakukuondoa moto.

Ukifika hapa utaona tofauti ya kweli ya nadharia hizi ni kile inachokwambia ukitazame kwanza. Mmoja anakupeleka kuhesabu manowari, wa pili anakupeleka kusoma mikataba na kuongea na wakulima. Na kila moja ina njia ya kushindwa. Uhalisia ungepata pigo kama Kenya ingesogeza mpaka wake kimya kimya ikafuata hukumu bila kusukumwa na chochote zaidi ya heshima ya sheria. Uliberali ungepata pigo kama makampuni yangeingia kuchimba upande wa Somalia kwa leseni za Kenya kana kwamba Hague haikusema kitu. Sentensi mbili kama hizo kwenye karatasi ya mwaka wa pili zinamwamsha msahihishaji aliyelala, kwa sababu wengi wanaandika nadharia kama dini, haiwezi kukosea.

Ukitaka kuona aya yenyewe inavyokaa, mi ningeandika hivi: "Kwa mhalisia, Somalia ilikwenda Hague kwa sababu haingeweza kushinda kwingine, na Kenya ilijiondoa kwa sababu hapakua na wa kuirudisha. Kwa mliberali, ajabu si kwamba Kenya ilijiondoa mwishoni bali kwamba ilikaa kwenye kesi muda wote huo, na hata baada ya kuikataa hukumu haikupeleka jeshi kuivunja. Wote wawili wanaona dola zenye ubinafsi zisizo na mkubwa. Wanatofautiana kuhusu kama kanuni zinabadilisha hesabu ya ubinafsi huo." Unaona haina "nguvu" na "amani" kama bendera mbili, ina tukio moja na maelezo mawili yanayogombana juu yake.

Makosa mawili nayaona kila muhula, nikwambie uyaepuke. La kwanza ni kusema wahalisia wanapenda vita. Morgenthau alipinga vita vya Marekani kule Vietnam waziwazi, na Mearsheimer na wenzake walipinga kuivamia Iraki kabla hata ya 2003, kwa hoja hiyo hiyo ya uhalisia, kwamba vita isiyo na faida kwa usalama ni ujinga. Waliosukuma Iraki kwa jina la kueneza demokrasia walikua wamekopa kwenye kabati la uliberali, japo waliberali wengi nao watawakana. Kosa la pili ni kuchanganya mliberali wa nadharia na mliberali wa siasa za vyama, yule wa ushuru na uhuru wa mtu binafsi. Wana babu mmoja lakini kwenye karatasi hii hawaishi nyumba moja, ukimtaja wa siasa umepotea njia.

Na kama utaulizwa ni ipi iliyo sahihi, usijibu "zote mbili zina ukweli", jibu hilo ni la mtu anayeogopa. Mi kwa kesi hii nasema uhalisia waeleza vizuri zaidi mwanzo na mwisho, yaani kwa nini mnyonge alikimbilia korti na kwa nini mwenye nguvu aliikataa hukumu, na uliberali waeleza vizuri zaidi kile cha katikati na kilichofuata, miaka ya kesi, miraa, Jumuiya. Waweza kunipinga, ila nipinge kwa tarehe na tukio.

Kurasa tano zigawe hivi: nusu ukurasa lile swali la anaki, ukurasa mmoja wahalisia, ukurasa mmoja waliberali na miguu yote miwili, kurasa mbili kesi yenyewe na madeni ya kila upande, nusu iliyobaki msimamo wako. Hukumu yenyewe ya tarehe 12 Oktoba 2021 iko kwenye tovuti ya mahakama, ni ndefu, wewe soma kile kipande cha tamko la 1979 na kile cha Kenya kubanwa, vyatosha. Na ramani ichore mwenyewe kwa mkono, mistari mitatu, wa Kenya, wa Somalia na wa mahakama, uiweke katikati ya ukurasa wa tatu, pale kesi inapoanza.